Kumwombea Rafiki Mgonjwa: Sala Fupi ya Viungo Vitano na Maombi ya Papo kwa Papo

Rafiki yetu, ambaye hapa nitamwita Rehema, alivunjika mfupa wa paja katika ajali ya bodaboda, akalazwa siku 9 akisubiri upasuaji wa kutiwa chuma. Jioni ya kuamkia upasuaji tulikuwa watatu kando ya kitanda chake: mimi niliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri, mwenzetu Mkatoliki kutoka jumuiya ya mtaani kwake, na mwingine anayesali katika kanisa la Kipentekoste. Muda wa kutazama wagonjwa ulikuwa umebakiza dakika 15 hivi. Mmoja wetu alisali sala ya sentensi moja ndefu iliyopangwa kama zile za vitabu vya ibada, na mwingine akaomba kwa maneno yake mwenyewe mpaka muuguzi akasimama mlangoni, tukamalizia kwa Baba Yetu. Sala zote mbili zilitoka moyoni, lakini zilifanya kazi mbili tofauti, na tangu jioni ile nimekuwa nikizilinganisha kila ninapoitwa kumwombea mtu, kwa kuwa nimeona kwamba uchaguzi kati yake hutegemea hali ya mgonjwa kuliko dhehebu la mwombaji.

Kabla ya kuchagua namna ya kuomba, mwombaji anahitaji kujua anaomba nini, na njia ya kujua ni kumwuliza mgonjwa. Bartimayo alikuwa kipofu na kila mtu pale Yeriko alijua shida yake, hata hivyo Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10:51). Sisi tulipomwuliza Rehema, tulitarajia atasema mguu upone. Alisema tumwombee apate usingizi usiku ule, kwa sababu usiku uliotangulia hakulala, na akaongeza kwa sauti ya chini kwamba ameambiwa atachomwa sindano ya ganzi mgongoni, atakuwa macho, na huenda akasikia mlio wa nyundo. Hofu yake ilikuwa mlio wa nyundo. Kama tusingeuliza, tungeomba dakika 15 nzima juu ya mfupa, naye angebaki na nyundo yake.

Sala fupi ya viungo vitano

Namna ya kwanza ni ile ambayo Kilatini huiita kolekta, na ambayo Wakatoliki huisikia kila Jumapili kama sala ya mwanzo ya misa, na Waanglikana na Walutheri huisikia kama sala ya siku. Ni ya zamani sana. Thomas Cranmer alipotayarisha kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza mwaka 1549, sala nyingi za aina hii alizitafsiri kutoka Kilatini, na kwa njia ya wamisionari mtindo huo ukafika kwetu, ndiyo maana mzee wa kanisa asiyejua jina la muundo huu huweza kuufuata bila kukosea.

Ina viungo vitano vinavyofuatana. Kwanza ni wito, yaani kumtaja Mungu anayeombwa. Kisha huja maneno yanayoanza na "uliye" au "unaye", ambayo humkumbusha Mungu, au kwa usahihi zaidi humkumbusha mwombaji, jambo fulani ambalo Mungu ni au amelitenda. Kiungo cha tatu ni ombi lenyewe. Cha nne huanza na "ili", kikieleza ombi hilo lina lengo gani. Cha tano ni kifungo, yaani kwa njia ya nani ombi linapelekwa. Sala aliyopata Rehema ilikuwa karibu hivi:

"Ee Bwana Mungu wetu, uliye mlinzi wa watu wako usiyesinzia wala kulala: umpe Rehema usingizi usiku huu, na kesho, atakapokuwa macho chini ya mikono ya madaktari, umwondolee hofu na kuiongoza mikono yao, ili asimame tena kwa miguu yake katikati ya watu wake na kukushukuru, kwa Yesu Kristo Mwanao, Bwana wetu, anayeishi na kutawala pamoja nawe na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, sasa na hata milele. Amina."

Kiungo kinachobeba sala hii ni cha pili, na ndicho ambacho wengi hukipita haraka. Zaburi ya 121 inasema kwamba mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali. Ukimwita Mungu kwa sifa hiyo kisha ukamwombea mgonjwa usingizi, sifa na ombi vinashikana: mmoja anakesha ili mwingine alale. Mgonjwa anayesikia hahitaji kufafanuliwa, kwa sababu sababu ya kutegemea imo ndani ya sala. Ukianza badala yake kwa "Ee Bwana wa majeshi, uliyewazamisha askari wa Farao baharini", kisha ukaomba usingizi, sala haina kosa la imani, lakini viungo vyake havijuani. Kwa mgonjwa mwenye homa, kumbukumbu ya mama mkwe wa Simoni, ambaye Yesu alimshika mkono akamwinua (Marko 1:30-31), hufaa sana. Kwa mtu aliyelala asiyeweza kusema lolote, wale wanne walioitoboa dari na kumshusha mwenzao aliyepooza (Marko 2:3-5) hufaa zaidi, kwa kuwa pale Yesu aliitazama imani ya marafiki.

Kiungo cha nne nacho kina mtego wake. Neno "ili" hugeuka mkataba kwa urahisi: "umponye ili akutumikie siku zote za maisha yake", wakati mwenyewe hajaahidi kitu na huenda hajui hata kama ataweza kupiga magoti tena. Mama mkwe wa Simoni alipoinuka aliwahudumia, ni kweli, lakini Marko analisimulia kama jambo lililofuata, wala hasemi kwamba ndiyo yaliyokuwa masharti. Mimi huandika "ili" ya jambo ambalo mgonjwa mwenyewe angelitamani: asimame, awaone watoto wake, arudi kwenye kwaya, amalize kidato cha nne.

Faida kubwa ya sala hii ni ufupi. Haimalizi dakika moja, na mtu mwenye maumivu makali anaweza kuifuata mpaka mwisho. Upungufu wake ni kwamba haina mahali pa kugeukia. Mgonjwa akianza kulia katikati, msomaji ama anaendelea kana kwamba hakuona, ama anaacha sala ikiwa imekatika. Tena ikisomwa kitabuni bila kubadilisha neno, na jina likitamkwa kwa kusitasita kana kwamba linajazwa kwenye fomu, mgonjwa hujiona kama mstari katika daftari.

Maombi ya papo kwa papo

Namna ya pili haihitaji kitabu. Katika Afrika Mashariki si mali ya Wapentekoste peke yao, kwa sababu uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika uliwafundisha Waanglikana, Walutheri na wengine wengi kuomba kwa sauti, kwa maneno yao wenyewe, nyumbani na mitaani. Ingawa husemwa kwamba maombi haya hayana mpangilio, mtu anayeyasikiliza kwa makini hugundua kwamba yanao: huanza kwa shukrani, huja toba, hufuata mahitaji, mara nyingi kuna kukemea ugonjwa, kisha maneno ya kuamini kwamba limekuwa, na mwisho ni "tunaomba hayo machache na kuamini, kwa jina la Yesu Kristo aliye Bwana na Mwokozi wa maisha yetu". Maneno "hayo machache" husemwa hata baada ya nusu saa.

Ubora wake uko mahali hasa ambapo sala fupi inashindwa. Mwombaji anaweza kumfuata mgonjwa. Mwenzetu alipofika kwenye hofu ya ganzi, Rehema alishika mkono wake kwa nguvu, naye akanyamaza, akangoja, kisha akasema tu, "Baba, umeiona hofu hii." Hakuna kitabu kinachoweza kuandika kimya kile. Maombi haya pia hubeba mambo madogo ambayo hayana nafasi katika sentensi moja: mtoto aliyeachwa kwa shangazi, deni la duka, pikipiki ambayo haijulikani iko wapi.

Makosa yake nayo yanatambulika, na mengi hutokea katika dakika mbili za kwanza. La kwanza ni mazoea ya ulimi. Wengi wetu hufungua kwa kushukuru kwamba tumeiona siku ya leo, "kwa maana wengi walitamani kuiona lakini hawakuiona, wala si kwamba sisi ni wema kuliko wao". Nyumbani, asubuhi, maneno haya ni unyenyekevu mzuri. Wodini jioni ile, kitanda cha pili kutoka kwa Rehema kilikuwa kimetandikwa upya tangu mchana, na kila aliyelala mle alijua kwa nini. Mwenzetu alianza maneno hayo, akaona macho ya Rehema yakihamia kwenye kitanda kile, akayaacha nusu.

Kosa la pili ni kumchanganya anayeombwa. Mwombaji huanza kwa "Baba yetu wa mbinguni" na baada ya muda anasema "tunakushukuru kwa kuwa ulikufa msalabani kwa ajili yetu", na hapo Baba amepewa kazi ya Mwana. Sala ya vitabu hujilinda na jambo hili kwa kuwa na mwelekeo mmoja: mara nyingi huelekezwa kwa Baba, kwa njia ya Mwana, katika Roho Mtakatifu. Ikielekezwa kwa Kristo mwenyewe, kifungo chake nacho hubadilika na kusema "unayeishi na kutawala pamoja na Baba". Mwombaji wa papo kwa papo afanye hivyo hivyo: achague mmoja wa kusema naye, na akimhama aseme waziwazi, "Na wewe, Bwana Yesu".

La tatu ndilo linaloumiza zaidi, nalo ni kuzungumza na watu huku macho yamefumbwa. "Bwana, unajua jinsi dada huyu alivyoacha ushirika" ni mahubiri, na "Bwana, mguse katika ugonjwa huu ambao hata mume wake hajaujua" ni siri iliyotolewa mbele ya wodi nzima. Kipimo ninachotumia ni rahisi: jambo ambalo nisingelisema kwa sauti ile ile macho yakiwa wazi, silisemi macho yakiwa yamefumbwa. Kweli Yakobo anaunganisha maombi ya mgonjwa na msamaha wa dhambi (5:14-16), lakini anaagiza watu waungamiane wao kwa wao, kwa hiyo mwenye kuungama ni mwenyewe, akitaka, na mwombaji naye ana zake. Walipomwuliza Yesu juu ya yule aliyezaliwa kipofu kama ni yeye aliyetenda dhambi au wazazi wake, alilikataa swali lenyewe (Yohana 9:3).

Kiasi cha kuomba

Namna yoyote utakayochagua, swali la nini kiombwe linabaki lile lile, na Biblia yenyewe ina mifano inayotofautiana sana. Musa alipomwombea dada yake Miriamu aliyepigwa na ukoma, sala yake katika Kiebrania ina maneno 5 tu (Hesabu 12:13): anamwita Mungu, anamsihi, anataja uponyaji, basi. Haombi kwa kuzunguka. Martha na Mariamu nao waliwatuma watu kwa Yesu na ujumbe kwamba yule ampendaye hawezi (Yohana 11:3), wala hawakuongeza ombi lolote. Walitaja hali na uhusiano, wakamwachia yeye. Naona mifano hii miwili ni mizani nzuri: ukiwa na jambo wazi la kuomba, liombe kama Musa, bila kulificha, ukiwa huna, kwa sababu madaktari wenyewe hawajajua ni nini, taja hali ya rafiki yako na jinsi anavyopendwa, kisha unyamaze kama wale dada wawili.

Jambo linalogombanisha madhehebu ni maneno "kama ni mapenzi yako". Wengine huyaona ni kukosa imani, na wengine hawawezi kuomba bila kuyasema katika kila sentensi. Mwenye ukoma katika Marko 1:40 alisema "ukitaka, waweza", hakukemewa, akatakaswa. Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe na akasema si mapenzi yake bali ya Baba yatendeke (Luka 22:42). Tazama mpangilio wake: ombi lilitangulia, likiwa zima, kisha ndipo kujikabidhi kukafuata. Hapo ndipo ninapoona kosa la wengi wetu. Tunayasema maneno hayo mapema na mara nyingi mno, "umponye kama ni mapenzi yako, umpe usingizi kama ni mapenzi yako", hata yakawa kinga ya mwombaji dhidi ya aibu ya kutojibiwa. Mgonjwa husikia woga ule. Afadhali kuomba usingizi kama mtu anayetaka usingizi kweli, na kuyaweka maneno ya kujikabidhi mara moja tu, karibu na kifungo.

Upande mwingine kuna kukemea: "Wewe ugonjwa, nakuamuru, toka!" Haya si maombi kwa maana ya kawaida, kwa sababu anayesemeshwa si Mungu tena. Agano Jipya lina mifano yake, kwani Luka anasema Yesu aliikemea homa (4:39), na Petro alipomfufua Tabitha alipiga magoti akaomba kwanza, kisha ndipo akamgeukia na kumwambia ainuke (Matendo 9:40). Sina haja ya kuamua hapa mgogoro ambao makanisa hayajaumaliza. Ninachosema ni kwamba katika wodi ya wazi yenye wagonjwa 20, kuukemea ugonjwa kwa sauti kuu huwashtua wengine 19 ambao hawakuomba, na kwamba amri huacha swali baya nyuma yake: ugonjwa usipotoka, nani alikosa imani? Mara nyingi jibu humwangukia mgonjwa. Ishara kwamba jambo limeharibika ni pale anapoambiwa "pokea" na akaanza kuona aibu kusema bado anaumwa, au pale anapoacha dawa ili athibitishe kwamba amepokea. Isaya alipomletea Hezekia habari kwamba ataongezewa miaka 15, aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:5-7). Basi kuwataja madaktari na wauguzi ndani ya sala ni jambo la lazima, hasa ikiwa mmoja wao yuko karibu anabadilisha dripu.

Pale ambapo uponyaji hautarajiwi, ulinganisho wa namna hizi mbili hubadilika. Mwaka mwingine nilikuwa nikimtembelea mzee aliyekuwa rafiki ya baba yangu, mwenye saratani iliyokuwa imefika kwenye ini, aliyerudishwa nyumbani na chupa ya morfini ya kunywa. Nilimwuliza, "Shikamoo, mzee. Tuombe nini leo?" Akaniambia niombe dozi ya usiku imfikishe alfajiri, na kijana wake aliyeko mbali apige simu. Nilikuwa nimejiandaa na maombi marefu ya uponyaji, nikayaacha. Niliomba uponyaji kwa sentensi moja, kwa sababu Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe kabla ya kuambiwa neema inatosha (2 Wakorintho 12:8-9), na kuacha kabisa kuuomba kungekuwa kama kumwambia mzee kwamba tumemkatia tamaa. Muda uliobaki wote ulikuwa wa maumivu, usiku, simu ya kijana, na mama aliyekuwa akimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili bila msaidizi. Maombi ya papo kwa papo ndiyo yaliyoweza kubeba haya. Lakini wiki za mwisho, alipokuwa akisinzia katikati ya maneno, yalikuwa marefu mno kwake, nikarudi kwenye sentensi moja. Wala sikuomba "apumzike" mpaka alipolisema yeye, kwa kuwa mgonjwa anayesikia wenzake wakimwombea pumziko hali yeye bado anasubiri simu, husikia kwamba ameshazikwa.

Kufunga

Kufunga ndiko kunakoshinda wengi, na dalili yake ni sala inayofika mwisho mara tatu: inasema "kwa jina la Yesu", kisha "na tena Bwana", kisha ombi jipya. Kifungo ni kukabidhi, na kitu ukishakikabidhi hukirudishi mkononi. Kwa sala fupi kifungo kizima chenye Utatu kinafaa, kwa kuwa sala yenyewe ni nyembamba na inahitaji uzito chini yake. Ikiwa mgonjwa amechoka, ile fupi ya Wakatoliki, "kwa njia ya Kristo Bwana wetu", inatosha. Kwa maombi marefu ni kinyume: yameshasema mengi, hivyo "kwa jina la Yesu" peke yake hufunga vizuri zaidi kuliko msururu wa majina matukufu. Maneno hayo yasitumike kama nukta baada ya kila ombi, la sivyo yakifika mwisho hayana nguvu ya kufunga chochote.

Wengine hufunga kwa Neema, ile ya 2 Wakorintho 13, watu wakishikana mikono. Ni nzuri nyumbani, lakini ni maneno yanayoelekezwa kwa watu, wala si kwa Mungu, kwa hiyo ni baraka inayokuja baada ya sala kwisha, na sala bado inahitaji kifungo chake kabla yake. Ikiwa mgonjwa mmoja tu ndiye anayebarikiwa, baraka ya Haruni katika Hesabu 6:24-26 inamfaa zaidi, kwa sababu husemwa kwa mtu mmoja, "akubarikie na kukulinda", na waweza kuisema ukimtazama machoni.

Kwa kundi la madhehebu mchanganyiko, mimi huchagua Baba Yetu. Kujikabidhi tayari kumo ndani yake, kwa hiyo hakuna haja ya kubuni maneno ya "kama ni mapenzi yako", na mgonjwa asiye na nguvu ya kuomba huijua kwa moyo na huweza kuifuata kwa midomo. Ina vikwazo vyake vidogo ambavyo ni vizuri kuvijua mapema. Mkatoliki husema "utakalo lifanyike" pale Mprotestanti anaposema "mapenzi yako yatimizwe", mmoja husema "utuopoe maovuni" na mwingine "utuokoe na yule mwovu", na baada ya hapo Mkatoliki anasema Amina huku wengine wanaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako". Anayeongoza atamke taratibu, kila mtu aseme maneno ya kwao, na wanaomaliza mapema wangoje.

Halafu kuna Amina. Paulo anawauliza Wakorintho mtu asiyeelewa kilichosemwa ataitikaje Amina (1 Wakorintho 14:16), na kando ya kitanda mwenye haki ya kwanza ya kuitika ni yule anayeombewa. Jioni ile sisi watatu tulisema yetu haraka kwa sababu ya muuguzi mlangoni, tukafumbua macho, tukaanza kutafuta viatu na mifuko. Rehema alikuwa bado amefumba macho. Tulikuwa tumeshageuka aliposema Amina yake, peke yake.